Mdogo Wangu Alikuwa Akijaza Ndoo

Nafundisha Kiswahili sekondari, na kwa miaka mingi nilijigamba kwamba Kiingereza sikihitaji. Wanafunzi wakinitania kwamba madam anaogopa kimombo, nawaambia wanitajie aina za vielezi kwanza. Kwa hiyo siku niliyokwenda Mafiga kugonga mlango wa mwalimu mstaafu wa Kiingereza, nikiwa na daftari kwapani, nilijisikia kama fundi cherehani aliyekwenda kwa jirani kuomba ashonewe kifungo.

Nilikuwa na hadithi. Niliiandika kwa Kiswahili, fupi, kurasa sita za daftari, juu ya siku mama yetu alipoondoka nyumbani kule juu Uluguru na kutuacha kwa bibi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, mdogo wangu saba. Mdogo wangu aliisoma hadithi hiyo akiwa amekaa kwenye kiti chake cha saluni Kihonda, akalia, akasema nimeiandika vizuri. Halafu kikatokea kitabu: watu fulani walikuwa wanakusanya hadithi za wanawake wa huku kwetu, lakini walizitaka kwa Kiingereza. Nikaitafsiri mwenyewe kwa kamusi na ujeuri, nikaipeleka kwa yule mwalimu ainyooshe.

Alikuwa mwanamke wa makamo ya juu, mpole, mwenye sauti ya darasani ambayo kustaafu hakukuipunguza. Alinifundisha kidato cha kwanza, na bado alikuwa ananiita mwanangu. Alisoma tafsiri yangu barazani kwake, kalamu nyekundu mkononi, na kila alipotabasamu nilijua nimeharibu.

"Hapa umesema mama yako 'was having a green bag'," alisema.

"Alikuwa na mkoba wa kijani."

"Basi ni 'had'. Kuwa na kitu si kazi inayofanyika, mwanangu. Huwezi kumkuta mtu katikati ya kuwa na mkoba. Na hapa, 'I was knowing'. Kujua nako hivyo hivyo. Ni 'I knew', basi."

Nilimwambia sisi tunasema nilikuwa najua na hakuna anayekufa. Akacheka, akaendelea. Nilikuwa nimeandika 'every Saturday she was going to the market', kwa sababu kwa Kiswahili kila Jumamosi alikuwa akienda sokoni. Akakata. Jambo la mazoea la zamani, alisema, Waingereza wanalitaja kwa 'went' au 'used to go'. Ile 'was going' wanaiweka akiba kwa kitu kilichokuwa kinaendelea wakati fulani, ambacho ungeweza kukikuta kinaendelea kama ungefika.

Kosa lililomfurahisha zaidi lilikuwa lingine. Niliandika kwamba mama 'had sat on the doorstep'. Kwetu mama alikuwa amekaa kizingitini. Kukaa kwenyewe kumekwisha, imebaki hali tu. Yeye alisema Mwingereza hamwoni hivyo. Mtu aliyekaa, aliyesimama, aliyelala, aliyevaa gauni, kwa Mwingereza bado anafanya kazi hiyo. 'She was sitting.' 'She was standing.' 'She was wearing.' Nilikaa na jambo hilo siku nzima, nikalipenda. Nilipenda kwamba mtu aliyesimama tu, kimya, anahesabiwa kuwa anafanya kitu.

Nilikwenda kila Jumatano baada ya kipindi cha mwisho. Alikuwa akichora nyuma ya kalenda za zamani: mstari mrefu kwa jambo lililokuwa likiendelea, halafu alama ya kukata juu yake kwa jambo lililotokea mara moja. Simu ililia, mstari ulikuwa kuosha vyombo. Mvua ilianza, mstari ulikuwa kuanika mpunga. Alinipa mfano wa mama kufika wakati wa chakula. 'When Mother arrived, we ate', maana yake tulimngoja, alipofika ndipo tukala. 'When Mother arrived, we were eating', hatukumngoja. Nikamwambia hata kwetu ni hivyo hivyo: tulikula, tulikuwa tunakula. "Sasa ndiyo uone," akasema, "unajua zaidi ya unavyodhani."

Jumatano ya tatu tulifika kwenye kuondoka kwa mama. Kwa Kiswahili nilikuwa nimeiandika kwa mfululizo wa -ka-, na niliuonea fahari: mama akafagia uwanja, akafunga mkoba, akashuka njia, akatoweka. Wanafunzi wangu ningewapa alama zote kwa sentensi kama hiyo. Kwa Kiingereza niliweka vitenzi vinne vya wakati uliopita, kimoja nyuma ya kingine.

"Havina kosa," mwalimu alisema. "Kimoja kimeisha, kingine kimeanza. Lakini naona alama za kukata tu. Mstari uko wapi? Mama anaondoka, na nini kinaendelea? Wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Sikuwepo."

"Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa na jibu langu la miaka thelathini. Nilikuwa nimeshaondoka kumfuata bibi shambani. Ndivyo nilivyomwambia bibi mwenyewe, na ndivyo nilivyomwambia mdogo wangu. Lakini mwalimu alikuwa amenitazama huku kalamu imetulia, na mbele yake kulikuwa na mstari mrefu ambao haukuandikwa kitu. Sijui kwa nini siku ile. Labda kwa sababu alinifundisha nikiwa bado na machozi ya jambo lile, akawa wa kwanza kunisifia utungaji. Nikamwambia.

Nilimwambia kwamba nilikuwepo. Mama alikuwa amekaa kizingitini akifunga viatu, akaniita, akasema anakwenda mjini kutafuta kazi, atarudi Jumamosi na viatu vyangu vya shule. Akasema mdogo wako akiniona nitashindwa kuondoka, mtume mahali. Nikamtuma chemchemini. Nikampa ndoo yake ndogo ya buluu, ile iliyopasuka kitako na bibi akaiziba kwa kuyeyusha kipande cha ndala, nikamwambia aijaze mpaka juu. Kwa ndoo ile kujaza kulikuwa kazi, maana ilikuwa inavuja. Nilijua. Mdogo wangu alikuwa akijaza ndoo mama alipoondoka, na mimi nilikuwa nimesimama karibu na jiko, natazama.

Mama hakurudi Jumamosi ile wala nyingine yoyote. Tulisikia yuko Mbeya kwa mtu, halafu miaka ikapita tukasikia amezikwa huko.

Mwalimu hakusema pole kwa haraka, na nilimshukuru kwa hilo. Alinimiminia chai. Halafu nikamwambia lile lililokuwa likiniuma zaidi: kwamba mdogo wangu, mpaka leo ni mtu mzima na ana watoto, anaamini ni kosa lake. Siku ile alichelewa chemchemini, alijenga bwawa la udongo kidogo, na aliporudi mama hayupo. Siku ya harusi yake, akiwa tayari amevaa, alinishika mkono akasema, "Dada, ningewahi kurudi ningemkuta." Nami nikamwambia usiwaze hayo. Hivyo tu.

"Iandike," mwalimu alisema. "Kwa Kiingereza hapa hapa, mbele yangu."

Nikaiandika. Nilianza na 'I had stood', akaguna, nikafuta, nikaweka 'I was standing'. Nilijisikia mwepesi, na niseme ukweli, sehemu ya wepesi ule ilikuwa ya ujanja. Mdogo wangu Kiingereza kilimshinda tangu shuleni. Kiswahili kilibaki na uongo wangu, nao alishaulilia; ukweli nikauweka katika lugha asiyoifikia. Nilimwambia mwalimu wazi: hii isitoke hapa mpaka nijue nitamwambiaje mdogo wangu. Hata kwenye kitabu sitaipeleka kabla ya hapo. Akasema, "Mwanangu, mimi ni kaburi."

Sasa sikiliza ujinga wangu. Mwaka huo huo mdogo wangu aliamua kurudia mtihani wa kidato cha nne. Alichoka na saluni, alitaka kozi ya hoteli, na Kiingereza ndicho kilichomwangusha mara ya kwanza. Aliniuliza nani anafundisha vizuri. Nilikuwa na jina moja tu kinywani, na nilimpeleka mwenyewe, kwa bajaji, nikamsalimia mwalimu shikamoo na kumkabidhi kama mtu anayekabidhi mtoto siku ya kwanza ya shule. "Huyu ndiye mdogo wangu," nilisema. Nilitamka hivyo, kwa mdomo wangu. Mwalimu alimkumbatia, akasema amesikia habari zake. Alikuwa na darasa la warudiaji kama kumi na watano, jioni, katika chumba cha nyuma cha stesheneri pale Kihonda.

Niliona bado nina muda. Mtu anayejifunza vitenzi hawezi kesho yake kusoma hadithi, nilijiambia, na hadithi yenyewe iko sandukuni mwangu na kwenye kichwa cha mwalimu.

Jumamosi moja mdogo wangu alikuja kwangu mchana, nikiwa nachambua mchicha. Kwa kawaida huingia akiongea. Anaanza habari mlangoni na kuimalizia jikoni. Siku ile aliingia kimya, akakaa, akaweka karatasi mezani, upande wa maandishi juu. Ilikuwa kopi ya mazoezi. Sentensi ishirini, kila moja imeachwa pengo na kitenzi kimewekwa mwishoni ili mwanafunzi akigeuze. Alikuwa amejaza zote kwa kalamu ya buluu, kwa ule mwandiko wake wa kubana.

"Nisaidie kusahihisha," alisema.

Sentensi ya kwanza ilikuwa ya mwanamke mwenye mkoba wa kijani. Ya pili, mwanamke amekaa kizingitini. Nilijua kabla sijafika ya tatu. Mwalimu alikuwa amebadilisha mambo mawili matatu, amefuta milima, amemweka mjomba mahali pa bibi. Lakini ya tisa ilisema hivi, na mapengo yakiwa yamejazwa kwa usahihi: 'My sister was filling her blue bucket, the one mended with a piece of an old sandal, when our mother left.' Na ya kumi: 'I sent her there so that she would not see.' Na ya kumi na moja: 'I was standing near the kitchen.'

"Ya tisa tuliifanya ubaoni," mdogo wangu alisema. "Mwalimu alichora mstari. Mstari ndio kujaza ndoo, akakata katikati, ndio mama kuondoka. Akauliza nani anaweza kueleza. Nikanyoosha mkono, Dada. Nilikuwa naijua. Nikasema, mtoto bado anajaza, hajamaliza, na mama anaondoka katikati. Wote wakanipigia makofi."

Nilishika jani la mchicha.

"Nilifika nyumbani ndipo nikaanza kuifikiria ndoo. Ndoo za buluu ni nyingi. Lakini iliyozibwa kwa ndala? Nikasema labda na kwao walikuwa wanaziba hivyo. Nikasoma ya kumi mara nyingi. Nikaomba kamusi kwa mtoto wangu." Aliweka kidole kwenye ya kumi. "Ulinituma ili nisimwone."

"Nilikutuma."

"Ulijua anaondoka."

"Nilijua."

Aliinuka akaondoka bila kuaga, akaiacha karatasi. Nilikaa pale mpaka mchicha ukanyauka. Nilichokisikia kwanza, na sioni sababu ya kujipamba, kilikuwa hasira, na hasira ile haikunielekea mimi. Niliona nimeuzwa. Watu kumi na watano walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakigeuza vitenzi juu ya mgongo wa mama yangu, na waliopata walipigiwa makofi. Kitu nilichokitoa kwa shida, Jumatano ile, kwa mtu mmoja, kilikuwa kimepigwa kopi.

Nilitoka na nguo za nyumbani, nikachukua bodaboda hadi Mafiga. Mwalimu alikuwa anamwagilia maua. Sikumwamkia. Nilimwonyesha karatasi, na alipoiona alitabasamu, Mungu ananiona, alitabasamu kama mtu anayeonyeshwa kazi yake nzuri.

"Zimewasaidia sana," alisema. "Miaka yote nafundisha kwa mifano ya vitabuni, mvulana alikuwa akipiga mpira dirisha likavunjika. Hakuna anayejali dirisha lile. Nimewapa hizi, darasa zima limeelewa siku moja."

"Ulisema wewe ni kaburi."

"Jina lako halimo. Nimebadilisha na watu. Nani atajua?"

"Mdogo wangu yuko kwenye hilo darasa. Nilimleta mwenyewe. Nilikuambia yeye ndiye."

Akashika mpira wa maji bila kuufunga, maji yakawa yanamwagikia miguuni. Niliona anatafuta. Niliona kabisa kwamba hakufanya kwa ubaya, alikuwa amesahau. Kwake ile haikuwa tena siri ya mtu, ilikuwa mifano, na mifano haina ndugu. Nadhani ningesamehe upesi zaidi kama angekuwa mbaya.

"Mwanangu," alisema, "mbona ulikuwa unakwenda kuichapisha?"

"Nilikuwa nakwenda kumwambia kwanza."

"Lini?"

Hakuuliza kwa kunisuta. Aliuliza kama alivyouliza mstari uko wapi. Nilimtupia karatasi yake juu ya maua nikaondoka, na mpaka leo sijarudi katika baraza ile. Nikikutana naye sokoni namwamkia, kwa sababu ni mkubwa wangu, naye huitikia marahaba akitazama pembeni. Lakini swali lake moja lile lilinifuata njia nzima. Nilikuwa na Jumatano ngapi? Nilikuwa na harusi. Nilikuwa na miaka thelathini ya kunywa chai na mdogo wangu. Mwalimu alinisaliti kwa juma moja, mimi nilimsaliti mdogo wangu maisha yake yote, halafu nikampandisha bajaji kumpeleka akasomewe.

Mdogo wangu hakupokea simu zangu. Nilikwenda saluni, wasichana wake wakaniambia ametoka, na nyuma ya pazia niliona miguu yake. Nikaondoka. Mara ya pili nikaondoka. Mara ya tatu nilikaa kwenye kiti cha wateja, nikasema wanisuke, na sikuwa na nywele za kusuka. Wasichana wakatazamana. Mwishowe alitoka mwenyewe, akawatuma dukani wote wawili, akasimama nyuma yangu na kitana mkononi, tukawa tunaonana kwenye kioo.

"Nitakuuliza kitu kimoja," alisema. "Ukinidanganya nitajua."

"Uliza."

"Mimi nilikuwa najaza ndoo. Wewe ulikuwa umesimama karibu na jiko. Hayo nimeyasoma. Mama je? Karatasi inasema aliondoka tu. Alikuwa anafanya nini?"

Ningeweza kumpa kitu kizuri. Ningesema alikuwa analia, na labda angeniamini, maana alilitaka hilo, nililiona kwenye kioo. Hata katika Kiingereza changu, pale nilipojiona nimesema yote, sehemu hiyo sikuigusa. Mwalimu hakuiuliza, nami sikujitolea.

"Alikuwa amesimama," nikasema. "Pale njia zinapoachana, moja ya kushuka mjini, moja ya chemchemini. Mkoba ameuweka chini. Alikuwa anaangalia njia yako."

Kitana kikatulia kichwani mwangu.

"Muda gani?"

"Mrefu. Nilidhani anakuja kukufuata. Alipiga hatua mbili tatu za kuja huko."

"Halafu?"

"Halafu akageuka kunitazama mimi. Na mimi nikampungia mkono. Nikamwonyesha aende, awahi. Nilitaka viatu, mdogo wangu. Nilidhani akiwahi kwenda atawahi kurudi."

Alikaa kwenye kile kiti kingine. Nje mtu alikuwa anapiga honi ya pikipiki, akaacha. Sikumgusa, sikuona kama nina haki hiyo. Nilingoja anifukuze, na angenifukuza ningekwenda.

"Kumbe alikuwa anakuja," alisema.

"Alikuwa anakuja."

Alijifuta uso kwa taulo la wateja, polepole, kila upande. Aliniambia mtihani ataufanya, ila kwa mwalimu mwingine. Aliniambia nisije Jumapili, wala Jumapili inayofuata, atanitafuta mwenyewe akiweza. Wasichana walikuwa wanarudi, sauti zao zimeshafika kwenye ngazi. Akainuka akachukua kitana chake.

"Hiyo ya mkono umeiandika?"

"Hapana."

"Iandike," alisema. "Kwa Kiswahili. Niisome mwenyewe, bila mapengo."